Mafuta juu, siki chini: kiini cha yai hufanya nini ndani ya mayonezi

Dada yangu mkubwa ana mgahawa mdogo Kirumba, Mwanza, si mbali na mwaloni. Anauza chipsi, samaki wa kukaanga na kabichi iliyokatwa nyembamba, ambayo huinyunyizia mafuta na siki. Mchanganyiko wenyewe anauweka kwenye chupa tupu ya maji, na kila mteja akifika lazima chupa itikiswe upya. Siku moja nikiwa nasubiri sato wangu, aliuliza kwa sauti kwa nini vitu alivyovitikisa mpaka mkono ukamuuma havikai pamoja hata dakika tano. Mzee wa meza ya jirani akawahi kujibu: "Mafuta ni mepesi, mama, lazima yapande juu." Wote wakaridhika. Mimi nafundisha kemia sekondari, nikashindwa kunyamaza.

Jibu la mzee ni nusu ya jibu. Ni kweli kwamba lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi, na lita ya siki inazidi kidogo gramu 1,000. Hilo linatuambia kwa nini mafuta hukaa juu na siki ikakaa chini. Halituambii kwa nini viliachana. Spiriti ni nyepesi kuliko hata mafuta, lita yake ni gramu 800 hivi, lakini ukiikoroga na maji inaingia moja kwa moja, na ukiiacha mpaka mwakani hutaikuta imeelea. Wepesi hupanga nani akae ghorofa gani. Sababu ya kuachana iko kwenye molekuli zenyewe.

Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chaji chanya kidogo upande wa hidrojeni. Kwa hiyo kila molekuli inawavuta jirani zake, hasi ya huyu kwa chanya ya yule, wakaachiana na kushikana tena mara nyingi mno kwa sekunde moja. Ifikirie ngoma ambayo wachezaji wote wameshikana mikono. Spiriti inaingia kwenye duara hilo kwa sababu nayo ina mkono wa kutoa. Asidi ya asetiki inao pia, ndiyo maana siki, ambayo kimsingi ni maji yenye asidi hiyo kama asilimia 5, haijawahi kujitenga kwenye chupa yake.

Mafuta hayana mkono huo, au tuseme yanao kidogo mno. Molekuli ya mafuta ya kupikia ni kama kichana chenye meno matatu marefu, kila jino likiwa mnyororo wa kaboni zipatazo 18 na hidrojeni zake, na minyororo hiyo haina chaji ya kushikwa. Ikitumbukia katikati ya maji, molekuli za maji zilizo pembeni yake zinakosa mtu wa kushikana naye upande ule, zinalazimika kujipanga kwa namna iliyobanwa. Njia rahisi ya kuepuka adha hiyo ni kuwasukuma wasio na mikono wakae mahali pamoja, ili mpaka kati ya makundi mawili uwe mfupi iwezekanavyo. Mara nyingi tunasema mafuta yanachukia maji. Kwa kweli maji yanapendana yenyewe kupita kiasi, na mafuta yanaambulia kutolewa nje.

Neno la kushika hapo ni mpaka. Ukitikisa chupa, hubadilishi tabia ya molekuli yoyote. Unachofanya ni kuyakata mafuta kuwa matone, na kila tone ni mpaka mpya uliolipia kwa nguvu za mkono wako. Ukiacha kutikisa, matone yanapanda, yanagusana, na mawili yakigusana yanaungana kwa sababu tone moja kubwa lina mpaka mdogo kuliko matone mawili madogo. Yanaendelea kuungana hivyo hivyo mpaka unapata tabaka moja la mafuta juu ya tabaka moja la siki. Dakika tano alizozitaja dada zinaishia hapo.

Basi mtu anayetaka mafuta na siki vikae pamoja ana kazi mbili. Ya kwanza ni kukata mafuta kuwa matone madogo sana. Ya pili, na hii ndiyo ngumu, ni kuyazuia yasiungane tena. Mchanganyiko wa namna hiyo, kimiminika kimoja kikiwa kimetawanyika kama matone ndani ya kingine kisichopatana nacho, wanakemia wanauita emulsheni. Maziwa ni emulsheni: mafuta ya ng'ombe yaliyotawanyika ndani ya maji. Mayonezi nayo ni emulsheni, ila ya ajabu kidogo, kwa kuwa mafuta yaliyotawanyika ni mengi kuliko maji yanayoyabeba.

Kazi ya kuzuia matone yasiungane ndiyo ya kiini cha yai. Nusu ya kiini ni maji. Theluthi moja hivi ni mafuta, na sehemu iliyobaki karibu yote ni protini. Lakini ndani ya ile theluthi ya mafuta kuna kundi la pekee, fosfolipidi, na iliyo maarufu zaidi kati yake ni lesithini. Mfamasia wa Kifaransa, Théodore Gobley, ndiye aliyeitoa kwenye kiini cha yai, na mwaka 1850 akaipa jina hilo, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kiini. Molekuli ya lesithini ina mikia miwili ya mafuta na kichwa chenye chaji. Mikia inataka kuwa ndani ya mafuta, kichwa kinataka kuwa ndani ya maji. Mahali pekee inapopata vyote viwili ni mpakani, kwenye ngozi ya tone, mikia ikitazama ndani na kichwa kikitazama nje.

Sabuni ya kuoshea vyombo inafanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu inaondoa mafuta kwenye sufuria. Lakini kiini kinaishinda sabuni kwa jambo moja. Lesithini yake haielei peke yake. Imefungwa pamoja na protini kwenye vifurushi vidogo sana. Kifurushi kikifika kwenye ngozi ya tone kinapasuka na kutandazika, na protini zinashikana zikawa utando unaonyumbulika kama mpira. Matone mawili yaliyovaa utando huo yakigongana, yanabonyea, kisha yanaachana bila kuungana. Lesithini inasaidia mafuta yakatike kwa urahisi, kwa sababu inapunguza gharama ya mpaka. Protini ndizo zinazolinda kilichokatwa. Watu wengi huitaja lesithini peke yake na kuzisahau protini, ilhali bila protini mayonezi isingedumu hivi.

Niliyaeleza haya nikiwa nimesahau kwamba ninayemweleza ni mtu wa biashara. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, kumbe naweza kuacha kununua ya kopo." Kesho yake akapiga simu. Alikuwa amevunja yai, akaweka kiini, siki na chumvi kwenye bakuli, akamimina kikombe chote cha mafuta na kupiga kwa uma robo saa. Alichokipata kilikuwa maji ya njano yenye vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika, na mafuta yanaogelea juu.

Nilikwenda Jumamosi tukafanya pamoja. Kiini kimoja, ambacho kina gramu 17 hivi. Siki kijiko kimoja cha chakula na kimoja kidogo cha chai, jumla mililita 20. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa mililita 150, yaliyowekwa kwenye kikombe chenye mdomo ili yatoke kidogo kidogo. Dada alitaka kiini cha yai la kienyeji kwa kuwa ni chekundu zaidi, akidhani kina nguvu. Rangi hiyo inatokana na alichokula kuku, majani na mahindi ya njano, na haihusiani na kushika mafuta. La kisasa lingefaa vile vile.

Kiini kilipigwa kwanza na chumvi pamoja na nusu ya siki. Chumvi si ya ladha tu: kwenye kiini kuna chembe ngumu za protini zilizobanana, na chumvi huzifungua, ndiyo maana kiini kilichotiwa chumvi kinakuwa kizito na chenye kung'aa baada ya dakika chache. Kisha mafuta yakaanza kuingia tone kwa tone, dada akipiga bila kusimama.

Hapa ndipo alipokosea mara ya kwanza, na inafaa kueleza kwa nini. Mwanzoni una vijiko viwili tu vya kimiminika chenye maji. Ukikimwagia kikombe cha mafuta, uma unapita katikati ya bwawa la mafuta, unakata matone makubwa machache, na kabla kiini hakijayafunika yameshaungana. Mbaya zaidi, mambo yanaweza kugeuka: kwa kuwa mafuta ndiyo mengi, maji ndiyo yanayokatwa kuwa matone, mafuta yanabaki nje, na nje ndiko kunakoamua unaona nini bakulini. Ukianza na tone kwa tone, kila tone linakatwa na kuvishwa utando kabla la pili halijafika. Baada ya vijiko vitatu au vinne vya mafuta, rojo linakuwa zito, na uzito huo unakuwa msaidizi. Matone yaliyokwisha kutengenezwa yanasaga yale mapya yanapopitishwa katikati yao. Ndipo unaweza kumimina kwa uzi mwembamba usiokatika, na kuelekea mwisho hata kijiko kwa kijiko. Siki iliyobaki inaingia rojo linapokaza.

Mkono unaweza kufika matone ya sehemu chache kati ya elfu moja za milimita. Tuchukue kwamba kila tone lina upana wa sehemu 5 kati ya elfu moja za milimita. Mililita 150 zikikatwa hivyo zinatoa matone zaidi ya trilioni 2, na ngozi zote za matone hayo zikitandikwa chini zinafunika mita za mraba 180. Uwanja wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9, yaani mita za mraba 162. Kwa hiyo ndani ya bakuli la dada mlikuwa na mpaka wa mafuta na maji unaozidi uwanja mzima, wote ukiwa umefunikwa na kiini kimoja.

Je, kiini kinatosha kweli? Kinatosha na kubaki. Gramu 17 za kiini zina fosfolipidi zinazokaribia gramu 2, wakati mita moja ya mraba ya mpaka inahitaji miligramu chache tu ili ivishwe. Uwanja wote ule haumalizi hata gramu moja. Kwa hiyo mtu akisema mayonezi yake ilikatika kwa sababu "mafuta yalizidi yai," huwa namuuliza kwanza alikuwa na maji kiasi gani.

Maji ndiyo yanayokwisha mapema. Tazama hesabu ya bakuli: mafuta mililita 150 kati ya jumla ya 187 hivi, yaani asilimia 80. Sasa nenda kwa muuza machungwa pale sokoni. Anaweza kuyapanga kwa ustadi wote, ila mipira ya ukubwa mmoja haiwezi kujaza zaidi ya asilimia 74 ya nafasi. Inayobaki ni matundu. Matone ya mayonezi yamevuka kiwango hicho. Yanafaulu kwa kuwa hayalingani ukubwa, madogo yakijaza matundu ya makubwa, na kwa kuwa yanabonyezana mpaka yanapoteza umbo la duara. Maji yamebaki kuwa tabaka jembamba kati yao. Hapo ndipo unapotoka uzito wa mayonezi: mafuta yanamiminika, siki inamiminika, lakini matone yaliyosongamana hivyo hayana njia ya kupita, kwa hiyo kijiko kinasimama.

Ukiendelea kuongeza mafuta bila kuongeza maji, tabaka hilo linakonda mpaka linatoboka. Dalili yake inaonekana kabla ya maafa: rojo linakuwa gumu kupita kiasi, linaanza kung'aa kama limepakwa mafuta, na vijito vidogo vya mafuta vinaonekana pembeni ya bakuli. Kijiko kimoja cha chai cha maji au siki wakati huo kinaokoa kila kitu, na baada yake unaweza kuendelea kuongeza mafuta. Dada aliposikia hivyo alinitazama kwa mashaka, kwa sababu kuongeza maji ili kitu kisiwe chepesi si jambo la kuingia akilini upesi.

Kujua kama mayonezi imeshika au imekatika hakuhitaji macho ya mtaalamu. Chukua ncha ya kijiko, itie kwenye glasi ya maji na ukoroge. Iliyoshika inatawanyika, maji yanakuwa meupe kama maziwa, kwa sababu nje ya matone yake ni maji na maji hukubali maji. Iliyogeuka au kukatika inaacha vidoa vya mafuta juu ya glasi. Ile ya kwanza ya dada, ambayo alikuwa ameihifadhi kwa uchungu, ilitoa vidoa vikubwa kama vya dizeli pembeni ya boti.

Hata hivyo haikutupwa. Iliyokatika bado ina kila kitu, imepoteza mpangilio tu. Tuliweka kiini kipya na kijiko cha chai cha maji kwenye bakuli safi, tukaanza kuidondoshea ile iliyokatika kama vile ni mafuta, kidogo kidogo, tukipiga. Ilishika. Kijiko cha maji ya uvuguvugu bila kiini kipya nacho hufaa mara nyingi, kwa kuwa fosfolipidi hazijakwisha, ila kiini kina uhakika zaidi.

Linganisha sasa na chupa ya kabichi. Tone la mafuta kwenye chupa iliyotikiswa linaweza kuwa na milimita nzima, mara 200 ya tone la mayonezi. Mwendo wa tone linalopanda hufuata mraba wa upana wake, kwa hiyo lile kubwa hupanda mara 40,000 ya dogo, na hapo sijataja kwamba dogo limebanwa na wenzake pande zote. Ukitaka chupa ya kabichi ikae robo saa badala ya dakika tano, kijiko cha haradali ndani yake kinasaidia, maana mbegu zake zina ute unaopunguza kasi ya matone. Kukaa siku nzima ni kazi ya kiini.

Neno moja kuhusu yai bichi, kwa kuwa dada analisha watu. Yai linaweza kuwa na salmonela, na joto la Mwanza ni rafiki wa vijidudu. Siki inasaidia kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu asidi haiingii kwenye mafuta. Yote inabaki kwenye yale maji machache, na huko inakuwa kali. Lakini haiui papo hapo, wala haiui yote kwa uhakika. Kwa hiyo usipunguze siki kwa sababu ya ladha, mayai yenye nyufa yaweke kando, tengeneza ya siku mbili tatu, na ikae kwenye friji.

Na friji ndiyo iliyotuletea mtihani wa mwisho. Wiki iliyofuata alizeti ilipanda bei, dada akanunua mafuta ya pamba, ambayo kwetu ukanda wa ziwa si kitu cha kutafuta mbali. Mayonezi ikashika vizuri, nyeupe na nzito. Aliiweka kwenye friji usiku, asubuhi ikiwa imetoka nje kidogo na kupata joto, mafuta ya njano yakawa yanasimama juu. Akanipigia akidhani amekosea kupiga.

Hakukosea. Mafuta ya pamba yana sehemu inayoganda kwenye baridi ya friji. Ikiganda inatengeneza fuwele, na fuwele zina ncha. Zinatoboa utando wa tone kutoka ndani, tena zinachoma utando wa jirani, na mayonezi ikipata joto fuwele zinayeyuka, matone yaliyotobolewa yanaungana. Mafuta ya mawese yanafanya hivyo vibaya zaidi. Friza nayo inaharibu, safari hii kwa barafu ya maji yaliyo nje ya matone, hata kama mafuta ni ya alizeti. Viwandani mafuta ya pamba yanayokusudiwa mayonezi hupoozwa kwanza polepole, sehemu iliyoganda ikachujwa, na kipimo chake ni kwamba yaliyobaki yakae kwenye maji ya barafu, nyuzi 0, kwa saa tano na nusu bila kuingia wingu. Tangu hapo dada akinunua dumu la mafuta asiyoyajua, hujaza kwanza chupa ndogo ya dawa iliyo safi na kuiacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ikiwa angavu, mafuta yale ni ya mayonezi. Ikiwa na wingu, yanakwenda kwenye karai la chipsi.